"Ini lilikuwa zima, dripu ilikuwa ya nini?"

Mpendwa Mshauri,

Naishi na mdogo wangu wa kike, ana miaka 26 na kilo 58. Wiki tatu zilizopita jino la nyuma lilimshika Ijumaa jioni. Hakuweza kutafuna chochote, akawa wa maji na chai tu. Jumapili asubuhi nikifagia chumba chake niliokota karatasi tupu za parasetamoli. Nilipombana akaniambia alikuwa akimeza vidonge viwili viwili kila maumivu yakirudi, karibu kila baada ya saa tatu. Juu yake alikunywa dawa ya mafua ya unga, kila kifuko kimeandikwa parasetamoli miligramu 500. Tulihesabu pamoja: kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumamosi saa 12 jioni ni vidonge 14 vya miligramu 500 na vifuko 4. Usiku wa Jumamosi aliongeza vidonge vingine, kisha akatapika mara moja.

Jumapili hiyo alikuwa mzima kabisa. Anacheka, anasema hata jino limetulia. Rafiki yangu muuguzi alinisisitiza nimpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Aligoma, nikamkokota. Walimtoa damu, na kabla majibu hayajarudi wakamtundikia dripu. Haikupita nusu saa akaanza kuwashwa mwili mzima, uso ukawa mwekundu, kifua kikambana. Wakaisimamisha, wakamchoma sindano, halafu wakaendelea nayo polepole. Alitoka Jumatatu mchana. Karatasi ya majibu inasema ALT 68 mara ya kwanza na 59 mara ya mwisho, INR 1.1 zote mbili.

Tangu hapo haongei nami vizuri. Anasema, "Ini langu lilikuwa zima tangu mwanzo, kilichotaka kuniua ni dripu yako." Kaka yetu yuko upande wake. Jino bado halijatibiwa na najua ananunua dawa za maumivu kwa siri. Nafikiria kutupa dawa zote za nyumbani. Mama hajui kitu, niliahidi kunyamaza.

Na liko linaloninyima usingizi: alipoteza kazi miezi miwili iliyopita na amekuwa mkimya. Je, lilikuwa jino tu? Naogopa kumuuliza nisije nikamtia wazo. Nilikosea wapi?

Dada Mkubwa

---

Dada mpendwa,

Pole kwa usiku huo na kwa wiki tatu hizi za kununiwa nyumbani kwako. Nitaanza na maneno ya mdogo wako mwenyewe, kwa sababu ni ya mtu mwenye akili timamu: alijisikia vizuri, vipimo vikatoka vizuri, na kitu pekee kilichomtesa hospitalini ni dawa. Kwa macho yake hesabu hiyo imekamilika. Anachokosa ni kujua jinsi parasetamoli inavyoumiza ini, maana haifanani na sumu nyingine nyingi tunazozijua.

Vidonge vikishaingia kwenye damu, ini huchukua sehemu kubwa ya dawa, likaifunga na kuitoa kupitia mkojo bila madhara. Sehemu ndogo tu hupita njia nyingine na kugeuka kijisumu kikali ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi NAPQI. Kwa kipimo cha kawaida kijisumu hicho hakidumu, kwa sababu chembe za ini zina akiba ya kitu kinachoitwa glutathioni, ambacho hukidaka mara kinapozaliwa na kukizima. Dawa ikizidi, ile njia salama hujaa. Ziada inasukumwa kwenye njia ya pili, kijisumu kinazalishwa kwa wingi, na akiba ya glutathioni inatumika kuliko inavyotengenezwa. Ikishuka sana, kijisumu kinakosa wa kukidaka. Kinaanza kung'ang'ania protini za chembe za ini zenyewe, hasa kwenye vile viwanda vidogo vinavyozipa nguvu, na chembe zinaanza kufa.

Katika hatua zote hizo hakuna hata moja inayouma. Akiba inapungua kimya. Chembe za kwanza zinapokufa, zile zilizobaki bado zinafanya kazi ya ini lote, na mtu anakunywa chai na kucheka. Ndiyo maana katika saa 24 za mwanzo wengi hawana dalili yoyote, au wana kichefuchefu, kutapika kidogo na kutokwa jasho. Jambo linalowaponza wengi ni kwamba hata hizo dalili ndogo huweza kutulia siku ya pili, huku ini ndiyo kwanza linaumia. Kuanzia hapo hadi siku ya tatu yanaweza kuja maumivu chini ya mbavu za kulia, na vipimo vya damu vinapanda. Macho kuwa ya manjano, kuchanganyikiwa, damu kutoganda, sukari kushuka, figo kugoma, hayo kwa kawaida huonekana siku ya tatu au ya nne. Anayesubiri dalili ndipo aende hospitali anasubiri siku ambayo dawa inayofaa haiwezi tena kurudisha kilichokufa.

Kwa hiyo yale matapishi ya Jumamosi usiku yasingefaa kumtuliza mtu. Yanaweza kuwa yalitokana na jino au tumbo tupu, lakini yanaweza pia kuwa alama ya kwanza. Wala kutapika hakukuondoa dawa aliyomeza saa nyingi nyuma, ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Sasa turudi kwenye ile hesabu mliyoifanya pamoja, maana ulifanya jambo la maana sana pale. Vidonge 14 vya miligramu 500 ni miligramu 7,000. Vifuko 4 vinaongeza 2,000. Jumla ni miligramu 9,000 ndani ya saa 24, wakati kikomo cha mtu mzima ni 4,000, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Alizidisha zaidi ya mara mbili, na usiku akaendelea. Angalia kwamba hakuna hata mara moja alipomeza kiasi cha kushtua. Viwili ni kipimo halali kabisa. Kilichomvusha ni muda: saa tatu badala ya sita, na kile kifuko cha mafua ambacho hakuna anayekihesabu kama parasetamoli. Jino ni mojawapo ya maumivu yanayosababisha ajali hii mara nyingi, kwa kuwa hurudi kabla ya saa ya kipimo kinachofuata na haliruhusu mtu kulala.

Na jino lina ubaya wa pili ambao umeutaja bila kujua uzito wake. Hakula siku mbili. Glutathioni hutengenezwa kutokana na protini za chakula, na mtu aliyefunga au aliyedhoofu huanza na akiba iliyopungua. Kipimo kile kile huweza kumpita salama aliyeshiba na kumuumiza aliyekaa na njaa. Wengine walio kwenye hatari ya namna hiyo ni wanaokunywa pombe nyingi kila siku na wanaotumia dawa zinazoichochea ile njia ya pili ifanye kazi haraka zaidi, kama rifampisini ya kifua kikuu au karbamazepini na fenitoini za kifafa.

Mdogo wako analalamika kwamba walimwekea dripu kabla hata majibu hayajatoka. Naelewa, inaonekana kama pupa. Lakini yapo matukio ya aina mbili, na daktari hushughulika nayo tofauti. Mtu akimeza dawa nyingi kwa mkupuo mmoja na saa ikajulikana, hupimwa kiwango cha parasetamoli kwenye damu zikishapita saa 4 au zaidi tangu ameze, kisha namba hiyo inalinganishwa na mstari wa grafu iliyochapishwa mwaka 1975 na Rumack na Matthew. Ikiwa juu ya mstari, anatibiwa. Kabla saa hizo 4 hazijapita kipimo hakisemi kitu cha kuaminika, kwa sababu dawa bado inaingia. Aliyemeza kidogo kidogo kwa siku mbili hana saa ya kuanzia, hivyo grafu haimfai. Kiwango cha damu kinaweza kuwa kidogo kabisa ilhali kijisumu kilishazalishwa Jumamosi mchana. Kwa mtu kama huyo, aliyezidisha kiasi hicho, wengi huanza dawa kwanza na kusubiri majibu yakiwa njiani. Kama majibu yakionyesha hakuhitaji, inakatishwa.

Haraka hiyo ina sababu. Dawa yenyewe, asetilisisteini, inalipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni upya. Inajaza akiba kabla haijaisha. Ikiwa chembe bado ziko hai, zinapata cha kujilindia. Chembe iliyokwisha kufa haifufuki. Daktari Prescott na wenzake wa Edinburgh, mji ambako visa vya kwanza vya ini kuharibiwa na parasetamoli viliripotiwa mwaka 1966, walichapisha mwaka 1979 matokeo ya wagonjwa 100 waliokuwa na sumu kali ya dawa hii na wakatibiwa kwa njia ya mshipa. Kati ya 62 waliopata dawa ndani ya saa 10, mmoja tu aliumia ini vibaya. Kati ya wengine 57 wa nyuma, nje ya hao 100, waliohudumiwa bila dawa hiyo, 33 waliumia vibaya. Walioanza ndani ya saa 8 walilindwa karibu wote, na baada ya hapo kinga ilipungua kadiri saa zilivyosogea. Baadaye ilibainika kwamba hata aliyechelewa sana, hata ambaye ini limeshaanza kushindwa, bado hunufaika kuipata, kwa hiyo kuchelewa si sababu ya kukata tamaa na kubaki nyumbani. Ila zile saa 8 hazina mbadala, na ni saa ambazo mgonjwa bado anajisikia vizuri.

Kuhusu dripu yenyewe, pengine hakuna aliyemweleza mdogo wako ilikuwa na nini. Kwa utaratibu unaotumika sana, asetilisisteini hutolewa kwa uzito wa mtu, katika mafungu matatu: miligramu 150 kwa kila kilo ndani ya saa 1, kisha 50 kwa kila kilo ndani ya saa 4, kisha 100 kwa kila kilo ndani ya saa 16. Kwa kilo 58 ni miligramu 8,700, halafu 2,900, halafu 5,800. Jumla 17,400 katika saa 21, ikichanganywa kwenye maji ya dripu. Ukiongeza muda waliosimama, ndiyo Jumatatu mchana unayoisema. Zipo hospitali zinazotumia utaratibu mfupi wa saa 12, na ipo ya kunywa ambayo huchukua siku tatu na inanuka kama yai viza.

Tazama fungu la kwanza: nusu ya dawa yote inaingia ndani ya saa moja. Hapo ndipo wengine huwashwa, huwa wekundu, hupata vipele, hutapika au kubanwa kifua, kama ilivyomtokea. Si mzio wa kawaida. Dawa ikiingia kwa kasi huzifanya chembe fulani za mwili zimwage histamini bila mwili kuwa umeikataa dawa. Huwapata zaidi wenye pumu, na pia wale ambao kiwango cha parasetamoli kwenye damu kimeshashuka, kama inavyoelekea kuwa kwake ile Jumapili. Wauguzi walifanya linalotakiwa: kusimamisha, kumpa dawa ya kutuliza histamini, kisha kuendelea kwa mwendo wa polepole. Kosa lingekuwa kuikatisha moja kwa moja. Hata hivyo, kwa mtu asiyejua kinachoendelea, kubanwa kifua akiwa kitandani na sindano mkononi ni hofu ya kufa. Mdogo wako aliogopa kweli, na sidhani kama kuna mtu aliyempa pole kwa hilo. Unaweza kuanza hapo, kabla ya kumweleza lolote kuhusu ini.

Halafu ile karatasi. ALT ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia humwagika kwenye damu. Maabara nyingi huweka mwisho wa kawaida karibu na 40, kwa hiyo 68 si namba ya ini lililokuwa halijaguswa. Ni ndogo, wengine huishi nayo kwa sababu nyingine kabisa, lakini kwa mtu aliyetoka kumeza kiasi kile haiwezi kupuuzwa. Ini lililoumia vibaya hupeleka ALT kwenye maelfu. INR huonyesha damu inachukua muda gani kuganda ikilinganishwa na kawaida ambayo ni 1, na kwa kuwa protini za kugandisha damu hutengenezwa na ini na baadhi huisha baada ya saa chache, INR ndiyo inayosema kama ini bado linafanya kazi. Yake ilibaki 1.1. Mwishoni mwa dripu walipima tena, na ni kwa sababu ALT ilikuwa imeshuka hadi 59 badala ya kupanda ndipo waliporidhika kumruhusu. Ingekuwa imepanda, wangeendelea kuitundika.

Hapa naomba niwaulize nyote wawili swali moja. Yeye anasema majibu mazuri yanaonyesha dripu haikuhitajika. Lakini majibu mazuri ndiyo yale yale ambayo dripu iliyofika kwa wakati huyaleta. Karatasi haiwezi kutofautisha ini lililolindwa na ini ambalo lisingeumia. Nawe, Dada Mkubwa, ukisimama mbele ya kaka yako na kusema ulimwokoa maisha, utakuwa unadai kitu ambacho karatasi hiyo hiyo haikithibitishi. Wapo waliozidisha kama yeye wakapona bila matibabu. Ile Jumapili asubuhi hakuna aliyekuwa na njia ya kujua yeye angekuwa wa kundi lipi, si wewe, si yeye, si daktari. Kusubiri ili kujua kungegharimu zile saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri. Pengine mkikubaliana kwamba hilo halitajulikana kamwe, mtaacha kushindana nani alikuwa sahihi.

Baada ya wiki tatu hatari ya tukio lile imekwisha. Ini lililonusurika hivyo hujirudisha lenyewe na kwa kawaida halibaki na kovu. Wasiwasi wangu uko kwenye jino.

Unafikiria kutupa dawa zote. Naiona faida yake, hasa kwa sababu ya swali lako la mwisho, na kupunguza akiba iliyo nyumbani ni jambo la busara. Lakini ananunua kwa siri tayari. Ukitupa bila kusema naye, utabaki hujui amemeza nini na lini, na safari ijayo hutaokota karatasi tupu chumbani. Njia nyingine ni kumwomba mkae mezani na dawa zote alizonazo, msome nyuma ya kila pakiti neno parasetamoli liko wapi. Litajitokeza kwenye za mafua, za kikohozi, za hedhi, za usiku. Pengine litaandikwa asetaminofeni, ambayo ni dawa ile ile. Kisha daftari: saa aliyomeza na kiasi. Kwa mtu mzima mwenye uzito wake ni vidonge viwili vya miligramu 500, kisha saa 6 zipite, na visizidi 8 kwa siku, lakini kwa kuwa ametoka kutibiwa, amuulize daktari kwanza. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kuiona kama ulinzi wa polisi. Itategemea kama daftari litakuwa lake au lako.

Ibuprofeni mara nyingi hutuliza jino vizuri zaidi kwa sababu hupunguza uvimbe, na haiguswi na habari hii ya glutathioni. Ila haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, wala kwa baadhi ya wenye pumu, na humezwa na chakula, jambo ambalo kwake ni gumu. Amuulize mfamasia akimtajia yaliyompata.

Hata hivyo dawa zote hizo zinanunua siku mbili tatu tu. Jino linalouma usiku bila kuguswa mara nyingi lina mzizi ulioathirika, na dawa yake iko mkononi mwa daktari wa meno: kusafisha mzizi na kuziba, au kung'oa. Likiondoka hilo, sababu ya kumeza kila saa tatu inaondoka nayo. Ukimwambia kwamba utamsindikiza, na hutasema neno lolote kuhusu dripu njia nzima, huenda akakubali. Akifika amweleze daktari wa meno kilichotokea, na aeleze pia jinsi asetilisisteini ilivyomfanya. Haimzuii kuipata tena akiihitaji siku moja, ila watajua waanze polepole.

Ikitokea tena, kwake au kwa msomaji mwingine anayesoma hapa akiwa na karatasi tupu mkononi, safari inaanza wakati huo huo hata kama mtu anacheka. Chukueni pakiti zote, andikeni saa ya kwanza na ya mwisho na uzito wa mtu. Msimpe maji ya chumvi atapike, wala maziwa ya kukata sumu. Hayaigusi dawa iliyoingia kwenye damu na yanaweza kumpalia. Mkaa wa hospitali husaidia kama ni muda mfupi tu tangu ameze, kawaida ndani ya saa moja, na wao ndio wataamua.

Nimebakiza lile linalokunyima usingizi kwa sababu nataka ulisome taratibu. Ulivyoeleza, mpangilio wa vidonge unafanana na wa mtu anayefukuza maumivu: viwili, kisha kusubiri, kisha viwili tena, na kukubali kuhesabu nawe. Lakini mpangilio hauonyeshi kilichomo moyoni, na kupoteza kazi na kunyamaza ni vitu ulivyoviona wewe kwa macho yako. Hofu yako kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujidhuru kunampa wazo ni ya watu wengi sana, ila haiko hivyo. Aliye na mawazo hayo kwa kawaida anapata nafuu kuulizwa, na asiye nayo atakwambia hana. Uliza mkiwa wawili, bila haraka, kwa maneno ya wazi yasiyo na lawama: "Ile wikiendi ya jino, kulikuwa na wakati ulitamani usiamke tena?" Usiulize, "Hukuwa unataka kufanya ujinga, sivyo?" maana hilo tayari lina jibu ndani yake.

Akisema hapana, mwamini, na mwambie mlango uko wazi. Akisema ndiyo, au akanyamaza kwa namna unayoijua wewe dada yake, kaa naye, usimwache peke yake usiku huo, ondoa dawa zilizo karibu, na nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaonane na wanaoshughulika na afya ya akili. Hapo ile ahadi ya kumnyamazia Mama utaipima upya. Uliahidi kuficha aibu ya hospitali, na ukimweleza hivyo waziwazi kabla ya kuivunja, mkachagua pamoja nani ajue na aambiwe nini, atakuwa bado na sauti kwenye jambo lake. Kama ilikuwa jino tu, siri hiyo ni yake, na anaweza kumweleza Mama mwenyewe siku akipenda, baada ya kutoka kwa daktari wa meno.

Mshauri